Panga Halitakaswi: Kisa cha Ikisiri Moja ya Kiwotoka

Hajati aliisoma ile ikisiri mara mbili, akavua miwani, akaniuliza: "Huyu daktari wako anataka panga litakaswe. Lisomewe dua gani?"

Sikucheka, maana swali lilikuwa la haki. Kwa mama wa Kinubi aliyekulia Bombo, ambaye Kiswahili amekipata nyumbani na madrasa, kutakasa ni jambo la nafsi na ibada. Daktari alikuwa na maana ya kuua bakteria kwenye makali ya panga. Nilianzia hapo kuitengeneza ile ikisiri, ingawa neno hilo liligeuka kuwa kosa dogo kuliko yote yaliyokuwamo.

Kisa chenyewe ni hiki. Huyo Daktari, mtafiti kijana wa kilimo, alikuwa ameandika kwa Kiswahili ikisiri ya utafiti wake wa mnyauko wa migomba, akaisoma kwenye kongamano la wataalamu. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liidhinishe Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, wasomi wa namna yake nawaona wakiongezeka. Kisha jarida moja la hapa Kampala, la wasomaji wa kawaida, likamwambia litaichapisha makala yake mradi ikisiri isizidi maneno 160 na imwelee mtu ambaye hakusomea kilimo. Akaniletea mimi. "Mwalimu," akasema, "ni kubadilisha maneno matano sita tu."

Jina lake silitaji, na tarakimu za matokeo yake nimezibadilisha ili asitambulike, kwa hiyo usizinukuu popote. Ila hesabu zenyewe nimezipanga zikubaliane, na mwenye penseli anaweza kuzifuata. Hii hapa ikisiri kama ilivyofika:

> Utafiti huu wa mkato-mtambuka ulitathmini vibainishi vya uenevu wa Mnyauko wa Zanthomona wa Migomba (MZM), usababishwao na Xanthomonas vasicola pv. musacearum, katika mifumo ya uzalishaji ya wakulima wadogo, Uganda ya kati. Mashamba 160 yalisampuliwa kinasibu katika matabaka mawili sawa kwa kigezo cha utakasaji wa zana. Uenevu ulikuwa 45%. Kutotakasa zana kulihusiana kimuhimu na maambukizi (UO = 3.5, KU 95%: 1.8–6.7, p < 0.001). Usambazaji kwa vekta kupitia ua dume ulidhihirika zaidi katika ndizi aina ya kayinja. Aidha, kwa sababu ya usistemia usiokamilika wa patojeni, uondoaji wa shina moja lenye dalili hupunguza inokulamu pasipo kung'oa shina-mama lote. Afua jumuishi za kifitosanitari zinapendekezwa.

Anayeanza kazi hii hukimbilia kamusi. Vekta anaiandika mdudu, patojeni anaiandika kijidudu, inokulamu anaitafutia jina. Mwishowe anapata sentensi zilezile zilizovikwa kanzu nyingine, na msomaji bado hajui nani alifanya nini. Mimi kamusi naiweka pembeni kwanza. Nilimwambia Daktari afunge kompyuta yake, anisimulie siku ya kwanza ya utafiti tangu asubuhi.

Akasimulia vizuri sana. Walipanda bodaboda hadi kwenye shamba. Walimwuliza mwenyewe kama husafisha panga anapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine, na husafisha kwa nini. Kisha wakazunguka shamba lote wakitafuta migomba iliyonyauka. Wakiona wa kutilia shaka walikata shina, wakasubiri kidogo kuona kama kwenye jeraha patatoka ute wa manjano. Wakaandika, wakaondoka. "Mkarudi lini?" nikamwuliza. "Hatukurudi. Kila shamba mara moja." Hapo nikapata tafsiri ya mkato-mtambuka, tena kutoka kinywani mwake: kila shamba tulilitembelea mara moja. Maneno matano, na yanamwambia msomaji kitu ambacho istilahi ilimficha, kwamba hakuna aliyekaa kutazama ugonjwa ukiingia au ukitoka.

Nikachukua kalamu nyekundu, nikaanza na sentensi fupi kuliko zote, ile isiyo na neno gumu ila moja: "Uenevu ulikuwa 45%."

Ukitaka kuirahisisha, jambo jepesi ni kuandika kwamba karibu nusu ya mashamba ya Uganda ya kati yana mnyauko. Inasomeka vizuri, na mwandishi wa habari yeyote angeifanya kichwa cha habari. Nayo ni uongo, japo hakuna aliyekusudia kudanganya. Rudi kwenye sentensi iliyotangulia: mashamba yalichukuliwa "katika matabaka mawili sawa". Maana yake ni kwamba Daktari ndiye aliyeamua kwenda kwenye mashamba 80 ya wanaosafisha panga na 80 ya wasiosafisha, ili apate kulinganisha. Kwa wanaosafisha alikuta ugonjwa katika mashamba 24, yaani 30%, kwa wasiosafisha katika 48, yaani 60%. Jumla 72 kati ya 160, ndiyo hiyo 45%. Lakini huko vijijini wakulima hawakujigawa nusu kwa nusu. Tuseme kwa kila wakulima kumi, tisa hawasafishi panga. Basi kiwango cha kweli kingekuwa sehemu tisa za 60% na sehemu moja ya 30%, yaani 57%. Wakiwa wengi ni wa kusafisha, kingeshuka kuelekea 30%. Ile 45% inaeleza jinsi Daktari alivyopanga safari zake. Kuhusu mkoa haisemi kitu.

Yeye alilijua hilo. Nilipomwuliza alijibu papo hapo, tena kwa aibu kidogo: "Wenzangu wakiona neno matabaka wanaelewa." Huenda wanaelewa. Msomaji wa jarida haelewi, na ukimwondolea neno matabaka ukamwachia 45%, umemwachia sumu bila dawa yake. Tukaifuta. Hiyo sentensi haikuhitaji maelezo, ilihitaji kuondoka.

Sasa UO. Kirefu chake, kama alivyoandika kwenye makala, ni uwiano wa odi. Rasimu yake ya pili, aliyoniletea baada ya siku mbili kwa furaha, ilisema: "Mashamba yasiyosafisha panga yana uwezekano mara tatu na nusu zaidi wa kupata ugonjwa." Hapa ndipo wengi hujikwaa, hata waliobobea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Odi si sehemu ya jumla. Ni wagonjwa ukiwalinganisha na wazima, kama wacheza kamari wanavyosema tatu kwa mbili. Kwa wasiosafisha, mashamba 48 yana ugonjwa na 32 hayana: 48 gawanya kwa 32 ni 1.5. Kwa wanaosafisha, 24 yana ugonjwa na 56 hayana: 24 gawanya kwa 56 ni kama 0.43. Ukigawanya 1.5 kwa 0.43 unapata 3.5 ya Daktari. Hesabu ni safi. Lakini mtu wa kawaida akisikia "mara tatu na nusu" hawazi wagonjwa dhidi ya wazima. Anawaza mashamba mangapi kati ya mangapi. Na hayo ni 48 kati ya 80, ukilinganisha na 24 kati ya 80. Mara mbili kamili.

Tofauti hiyo kati ya mbili na tatu na nusu inatokana na ugonjwa kuwa wa kawaida mno katika mashamba hayo. Ugonjwa ukiwa adimu, tuseme shamba moja au mawili kwa mia, wazima wanakaribia kuwa sawa na jumla, na odi zinakaribiana na ile hesabu ya kawaida. Hapo ukiandika "mara tatu na nusu" hukosei sana. Ukifika kwenye sita kwa kumi, odi zinaruka juu. Kwa hiyo dalili ya hatari ni rahisi kuiona: ukikuta uwiano wa odi, na ugonjwa wenyewe ni wa watu wengi au mashamba mengi, usiandike "mara" yoyote kabla hujaziona namba halisi nyuma yake. Namba hizo mara nyingi zimo kwenye jedwali la kwanza au la pili la makala. Za Daktari zilikuwa kwenye la pili.

Alipinga kidogo. Alisema programu ya takwimu ndiyo iliyotoa 3.5, na wahakiki wa kongamano hawakulalamika. Nikamwambia hawakuwa na sababu ya kulalamika, maana 3.5 haina kosa. Kosa linazaliwa pale inapovushwa kwenda kwenye maneno ya watu. Alikaa kimya, akachukua karatasi, akagawanya mwenyewe. Tukaandika mashamba 24 upande mmoja, 48 upande wa pili, "yaani mara mbili", na mashamba 80 kila upande, ili anayetaka kuhesabu ahesabu.

Zikabaki p na KU za kuamuliwa. KU ni kiwango cha uhakika: kwa hesabu ya mara mbili, namba yenyewe ingeweza kuwa chini kidogo ya moja na nusu, au juu hadi karibu tatu, kwa kuwa mashamba 160 si mengi. Nayo p < 0.001 inasema hivi: kama usafi wa panga usingekuwa na uhusiano wowote na ugonjwa, tofauti kubwa namna hii ingejitokeza kwa bahati tu chini ya mara moja katika tafiti elfu za namna hiyo. Yote mawili ni ya kweli na yote mawili yanakula maneno. Katika ikisiri ya maneno 160 nilichagua sentensi moja: "Tofauti hiyo ni kubwa mno kuwa ya kubahatisha." KU tuliihamishia ndani ya makala. Kuna mhariri mwenzangu angeninyima mkono kwa uamuzi huo, naye ana hoja yake. Neno "kimuhimu" nalo likaondoka, kwa sababu mkulima akisoma kwamba uhusiano ni muhimu anaelewa kwamba una faida kubwa kwake, kumbe mtakwimu anasema tu kwamba haukutokea kwa bahati. Uhusiano mdogo usio na faida yoyote unaweza kuwa "muhimu" kwa maana hiyo, sampuli ikiwa kubwa vya kutosha.

Kilichotuchelewesha kuliko vyote ni usistemia usiokamilika. Hapo palikuwa na jambo la kuvutia kweli, nami nilitaka liingie. Migomba huota kwa familia: mama aliyezaa mkungu, mtoto aliyesimama pembeni, na mjukuu anayechungulia ardhini, wote wameshikana chini. Kwa muda mrefu mkulima aliambiwa kwamba mmoja akiugua, ng'oa ukoo mzima. Hiyo ni kazi ya jembe ya siku nzima, na wengi waliikataa. Baadaye ikaonekana kwamba bakteria wakiingia kwa mama hawafiki lazima kwa kila mtoto. Kwa hiyo inawezekana kukata usawa wa ardhi ule tu wenye dalili, na kurudia kila dalili inapotokea, ukawaachia wengine waendelee kuzaa. Hayo yote ndiyo yaliyofichwa ndani ya maneno mawili, usistemia usiokamilika.

Nikaandika sentensi mbili nzuri, za mama na mtoto na mjukuu, nikampelekea. Kisha usiku ule nikashtuka. Ikisiri inasema kukata shina moja "hupunguza" inokulamu, yaani bakteria waliopo tayari kuambukiza. Kupunguza ni kitu kinachoonekana kwa kutazama kabla na baada. Na mtu huyu alikwenda kila shamba mara moja.

Asubuhi nikampigia. "Daktari, hili la kukata shina moja mlilipima?"

"Tuliwauliza wakulima kama wanalijua."

"Na kupungua kwa ugonjwa?"

"Hilo limo kwenye tafiti za wengine, Mwalimu. Nililitaja kama usuli."

Basi. Katika ikisiri ya kitaalamu sentensi ile ilikaa baada ya "aidha", ikavaa hali ya mazoea ya hu-, na mtaalamu aliyezoea angehisi kwamba hilo ni jambo linalojulikana, si matokeo mapya. Kwa msomaji wetu ingekuwa ugunduzi wa Daktari, na kadiri nilivyoieleza kwa utamu ndivyo ilivyozidi kuonekana hivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeipamba familia ya migomba bila kuuliza nani aliihesabu. Tuliitoa kwenye ikisiri, tukaiweka ndani ya makala ikiwa na wenyewe. Iliniuma kidogo, kwa sababu zile sentensi mbili zilikuwa bora kuliko zote nilizoandika wiki ile.

Jina la Kilatini lilikuwa na ubishi wa aina nyingine. Nilitaka kulifuta, na Daktari akasimama kidete. Alisema mnyauko uko wa namna mbili: huu wa bakteria, ambao katika Uganda uliripotiwa mara ya kwanza mwaka 2001, na ule wa kuvu uliotangulia miaka mingi. Ukiandika mnyauko peke yake, mkulima mwenye ule wa kuvu atadhani umemsema yeye, na kumbe bakteria huozesha hata matunda yenyewe ilhali kuvu hubaki kwenye mizizi, shina na majani. Alikuwa sawa kabisa. Jina lile refu halikuwa pambo, lilikuwa limeshika mlango. Kwa hiyo hatukulifuta mpaka tulipopata mtu mwingine wa kushika mlango huo, na ilitosha kutaja mambo mawili: bakteria, na ule ute wa manjano unaotoka shina likikatwa. Mnyauko wa kuvu hautoi ute. Mkulima mwenye kisu anaweza kulipima hilo mwenyewe, jambo ambalo Kilatini hakikumpa. Kilatini kikabaki mara moja ndani ya makala, kwa wanaotaka kutafuta zaidi.

Jina la ugonjwa lilimalizwa na Hajati. Nilipomsomea "Mnyauko wa Zanthomona" aliniangalia tu, nilipoeleza dalili akanikatiza: "Ah, kiwotoka! Si ungesema." Kiganda kimeshaupa ugonjwa jina, redio zimelitangaza miaka na miaka, na sisi tulikuwa tunahangaika kutafsiri herufi MZM. Wapo watakaonung'unika kwamba kiwotoka si Kiswahili sanifu. Ni jina la kitu, na wenye kitu ndio wanaolitumia.

Neno ambalo sikulitarajia kunisumbua ni ndizi. Kwangu mimi ndizi ni ndizi zote. Lakini katika soko la Kampala ukisema ndizi utapewa zile ndogo tamu za kuliwa mbivu, sukali ndizi. Za kupika ni matooke, za kuchoma ni gonja, na kayinja aghalabu hailiwi: hukamuliwa maji, yakafanywa pombe ya tonto, ambayo Hajati haigusi lakini anajua vizuri nani anaiuza. Kwa hiyo "ndizi aina ya kayinja", ambayo kwa Mswahili wa pwani ni sentensi salama, hapa ingemfanya msomaji asimame aulize kama zile tamu nazo zimo. Tukaandika mgomba kila tulipotaka kutaja mmea, na kayinja tukaieleza kwa kazi yake.

Na ua dume. Hilo ni lile fundo la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu. Katika Kiswahili cha mabwana shamba wa Tanzania neno hilo linaeleweka. Hajati alidhani nasema mgomba una jinsia. Nilipomchorea alisema "empumumpu", tukaliweka pembeni ya ua dume, yote mawili. Vekta nayo ikawa nyuki na wadudu wengine wanaolitembelea ua hilo, wakitua kwenye makovu mabichi ya maua yaliyodondoka, ambapo bakteria hupata mlango. Ukisema mdudu fulani anatua mahali fulani huhitaji tena neno vekta wala maelezo yake.

Zilibaki "afua jumuishi za kifitosanitari". Nikamwuliza Daktari anamaanisha mkulima afanye nini kesho asubuhi. Akasema asafishe panga, na aondoe ua dume kwa kijiti chenye panda pindi kichane cha mwisho kinapojitokeza, asilikate kwa panga, kwa sababu panga ndilo linalobeba. Ndiyo hayo. Kusafisha pia kulitakiwa kusemwa: kulichoma panga motoni, au kulitia kwenye jiki iliyozimuliwa. Neno kutakasa likaenda zake.

Rasimu ya tatu ikasomeka hivi:

> Kiwotoka ni ugonjwa wa migomba unaoletwa na bakteria wanaoziba njia za maji ndani ya shina. Ukikata mgomba mgonjwa, hutoka ute wa manjano. Tulitaka kujua kama ugonjwa huu hupatikana kwa uchache zaidi pale ambapo mkulima husafisha panga lake kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Katika Uganda ya kati tulichagua kwa kura mashamba 80 ambako panga husafishwa kwa moto au kwa jiki, na mengine 80 ambako halisafishwi, tukalitembelea kila moja mara moja. Penye kusafisha, tulikuta ugonjwa katika mashamba 24. Pasipo kusafisha, katika mashamba 48, yaani mara mbili. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuwa ya kubahatisha. Hata hivyo, utafiti wa aina hii hauwezi kuthibitisha chanzo. Kwenye kayinja, yaani mgomba wa ndizi za pombe, dalili mara nyingi zilianzia kwenye ua dume, au empumumpu, ambalo nyuki na wadudu wengine hulitembelea. Matokeo haya yanaunga mkono ushauri wa kusafisha panga kila unapohama kutoka familia moja ya migomba hadi nyingine, na kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, si kwa panga.

Nilirudi Bombo nayo. Jaribio langu silifanyi kwa kuuliza "umeelewa?", kwa sababu mgeni huambiwa ndiyo kwa heshima. Namwomba mtu asome, aweke karatasi, amsimulie mwingine. Hajati akampigia simu dada yake Luweero. Nikasikia kiwotoka, ute, mashamba themanini na themanini, mara mbili, kijiti. Yote yalikaa mahali pake. Kisha akamalizia: "Kwa hiyo panga chafu ndilo linaloleta. Wamethibitisha."

Sentensi ile ya chanzo ilikuwa imepita sikioni kama upepo. Nikamrudishia karatasi, akaisoma tena, akasema anaiona, lakini "utafiti wa aina hii" ni aina gani, na chanzo si kimeshatajwa juu kuwa bakteria? Kweli. Nilikuwa nimeandika tahadhari ya kitaalamu kwa maneno mepesi, nikadhani nimeieleza. Wala haikumwambia ni nini hasa kinachoweza kutupotosha. Nikaifuta palepale mezani kwake, nikaandika badala yake: "Hata hivyo, wanaosafisha panga huenda wana uangalifu mwingine ambao hatukuupima."

Akaisoma, akaguna. "Hiyo ndiyo. Jirani yangu huyo hapo anachoma panga lake kila mara. Na ni huyo huyo ambaye hachukui machipukizi kwa mtu. Akitaka kupanda, anachimba kwake."

Nikasimama. Machipukizi yaliyotoka shamba lenye ugonjwa ni njia ya kiwotoka inayojulikana sawa na panga. Kama wanaochoma panga ndio wasioomba machipukizi, basi katika zile mara mbili kuna sehemu ambayo si ya panga hata kidogo. Nikampigia Daktari nikiwa bado uani, nikamwuliza kama dodoso lao lilikuwa na swali la mkulima alipata wapi machipukizi yake.

Alinyamaza kwa muda. "Halikuwamo, Mwalimu," akasema. "Hebu nipe huyo mama."

Nikampa Hajati simu.